Wakuu, huyu Goku wa nywele nyeupe ni rasmi au kachorwa na shabiki? (Picha tatu za mteja)

MchoraKuta
Habari za humu wakuu. Mimi ni fundi wa kuchora kuta na mabango, niko Mwanza. Kuna kijana anafungua chumba cha kuchezea gemu na anataka ukuta mzima uwe wa Dragon Ball, ile katuni ya Kijapani. Sharti lake ni moja: wahusika wote wawe wale rasmi, kwa sababu wateja wake ni vijana wanaojua hizi kazi nje ndani, na hataki kuchekwa siku ya kufungua. Kanitumia picha tatu kwa WhatsApp.

Ya kwanza ni Goku, shujaa wa katuni hiyo, mwenye nywele ndefu nyeupe zilizosimama, manyoya ya kijivu mwilini, na mkia. Anasema ni umbo lake linaloitwa Super Saiyan 5. Ya pili ni Goku mwenye manyoya mekundu na nywele nyekundu. Ya tatu ni Yamcha amekaa kibabe, amechorwa kwa wino mweusi, kama ukurasa uliokatwa kitabuni.

Nikichora feki hanilipi. Mnatofautishaje mchoro rasmi na wa mashabiki? Natanguliza shukrani.

Dogo_Kamehameha
Rahisi sana mkuu. Angalia kama kuna alama ya hakimiliki pembeni, ile C ndani ya duara. Ikiwepo ni rasmi, isipokuwepo ni feki. Halafu hiyo ya pili ni feki moja kwa moja. Super Saiyan 4 ana manyoya mekundu lakini nywele NYEUSI. Mtu kachukua picha ya mfululizo wa GT akabadilisha rangi ya nywele tu. Hiyo nyeupe inaweza kuwa Ultra Instinct, ile nayo ina nywele za fedha.

Mama Ilham
Mleta uzi, mimi nakushauri uachane na hiyo kazi. Hao wahusika wana wenyewe. Shoga yangu alichapisha fulana za katuni fulani akaandikiwa barua na wakili, mzigo wote ukakaa ndani. Nenda kwanza ofisi ya hakimiliki ukaulize.

MchoraKuta
Dada nashukuru, hilo nalo nitaliuliza, ila swali langu hapa ni jingine. Nataka kujua picha ipi imetoka kwa wenye kazi yao na ipi imetoka kwa shabiki.

SetteiMkongwe
Nimefuatilia Dragon Ball tangu zama za kanda za VHS, kwa hiyo nivumilieni, nitaandika kirefu. Nianze na ya kwanza maana ndiyo yenye historia.

Mchoro rasmi wa mhusika huwa umening'inia kwenye kazi fulani. Ni sehemu ya mfululizo, ni filamu, ni juzuu la manga, yaani kitabu cha katuni, ni mchezo wa video au ni kadi. Kabla hujaanza kukagua mistari na rangi, muulize aliyekuletea: huyu anaonekana wapi? Akikujibu "Dragon Ball AF", mwombe sehemu ya kwanza muitazame pamoja. Hataipata, kwa sababu haikutengenezwa. GT ilianza Februari 1996 ikaisha Novemba 1997, sehemu 64. Baada ya hapo Toei, watengenezaji wa anime yake, hawakutoa mfululizo mwingine wenye hadithi mpya mpaka Dragon Ball Super ilipoanza 2015. Katika pengo hilo ndimo uvumi wa AF ulimozaliwa na kunenepa.

Picha yenyewe ya nywele nyeupe ina mwenyewe. Ilichorwa na shabiki wa Hispania anayejulikana kwa jina la Tablos, ikatoka mwaka 1999 katika jarida la huko la michezo ya video, Hobby Consolas. Ni mchoro wa shabiki tangu siku ya kwanza, wala mchoraji hakujificha. Yaliyofuata ni kazi ya intaneti: watu wakaikata, wakaigeuza, wakaipaka rangi upya, wakaibandika maneno ya "mfululizo mpya unakuja". Kila nakala ilipozidi kuchakaa ndivyo ilivyozidi kuonekana kama imenaswa kwenye televisheni.

Hata hizo herufi AF hakuna anayeweza kukuambia kwa uhakika zilisimamia nini. Wengine wanasema ni "baada ya siku zijazo", wengine wanasema ni utani wa Siku ya Wajinga. Kazi halisi huwa haina utata wa namna hiyo, jina lake huwa limeandikwa kwenye jalada.

Dogo_Kamehameha
Lakini mkuu AF IPO. Mimi nimesoma manga yake, kurasa nyingi tu, na imechorwa vizuri kuliko hata hiyo Super. Aliyechora ndiye huyu huyu Toyotarou aliyechora manga ya Super. Kama mchoraji ni rasmi, mchoro unakuwaje wa shabiki?

SetteiMkongwe
Hapo umegusa penyewe, na nusu ya maneno yako ni sahihi. Kulikuwa na dojinshi, yaani vitabu ambavyo mashabiki wanachora na kuchapisha kwa gharama zao, vyenye jina la AF. Kimoja kilikuwa cha mtu aliyejiita Toyble, kingine cha Young Jijii. Wengi wanaamini Toyble ndiye Toyotarou, na ukilinganisha mikono yao ni vigumu kubisha. Toyotarou aliingia kazini kwa Shueisha, wachapishaji wa manga, na kuchora manga ya Dragon Ball Heroes mwaka 2012, kisha manga ya Super kuanzia 2015 katika jarida la V Jump.

Lakini urasmi haukai kwenye mkono wa mchoraji. Unakaa kwenye kazi ile aliyoichora na aliyeitoa. Vitabu vya AF havikutolewa na Shueisha wala Toei, kwa hiyo vinabaki vya mashabiki hata kama aliyevichora baadaye alipewa kalamu ya ofisini.

Dogo_Kamehameha
Sikubaliani. Kipaji ni kile kile. Ila haya, endelea.

SetteiMkongwe
Sasa ya pili, ile uliyosema ni feki moja kwa moja. Hiyo ni rasmi, kijana.

Super Saiyan 4 wa GT ana nywele nyeusi, hapo uko sawa. Umbo lile lilibuniwa na Katsuyoshi Nakatsuru, mbunifu wa wahusika wa Toei, wala si Akira Toriyama aliyeianzisha Dragon Ball, ingawa dunia nzima inampa Toriyama. Mwaka 2024 ukaja mfululizo wa Dragon Ball Daima. Ulianza Oktoba 2024 ukaisha Februari 2025, sehemu 20, miezi kadhaa baada ya Toriyama kufariki Machi 2024. Karibu na mwisho Goku anageuka Super Saiyan 4, na safari hii nywele ni nyekundu kama manyoya. Na mbunifu wa wahusika wa Daima ni nani? Nakatsuru yule yule. Kwa hiyo una michoro miwili ya umbo moja, mkono wa mbunifu mmoja, rangi mbili, na yote ni rasmi.

Ndiyo maana sipendi mtu kusema "rangi si yake, basi ni feki". Hawa watu hubadilisha rangi wenyewe. Trunks wa siku zijazo katika Z ana nywele za zambarau, akarudi katika Super mwaka 2016 na nywele za buluu. Bulma kwenye kurasa za rangi za manga ana nywele za zambarau, kwenye anime ni za buluu inayoelekea kijani. Ukitumia kanuni ya rangi peke yake utamfukuza Bulma nyumbani kwake.

Wa_Pipeline
Niko Nairobi, hizi vitu tunachora kwa matatu kila siku. Njia yangu ni kuhesabu vidole. Fan art nyingi zinakosea mikono. Ukiona vidole vinne, tupa.

SetteiMkongwe
Mkuu, ukitupa vidole vinne umemtupa Piccolo wa Toriyama. Kwenye manga Wanamek, jamii yake Piccolo, wana vidole vinne kila mkono. Toei ndio waliowapa cha tano kwenye anime. Hapo vidole vinakuonyesha mchoro umefuata manga au anime, na hilo ni jambo la maana kwa fundi wa ukuta asije akachanganya. Kwa habari ya rasmi au feki, havikusaidii.

Wa_Pipeline
Wueh! Nimechora Piccolo mara nyingi na hiyo sijawahi notice. Sawa basi, na hii Gohan wa nywele nyeupe ndefu na macho mekundu? Mteja wangu mmoja alisema ni ya kutoka DeviantArt, nikamkatalia kuichora.

SetteiMkongwe
Huyo ni Gohan Beast, wa filamu ya Super Hero ya mwaka 2022. Rasmi kabisa. Namwelewa mteja wako lakini, maana ukimweka karibu na ile picha ya Tablos wanafanana kama ndugu. Nywele nyeupe zilizosimama zilikuwa ndoto ya mashabiki miaka mingi kabla wenyewe hawajazitumia. Ladha yako haiwezi kukusaidia hapa. "Inaonekana kama ya mashabiki" ni hisia, na wenye kazi yao wanaichezea hisia hiyo makusudi.

Binti wa Forodhani
Mimi ni mbunifu wa picha, Dragon Ball siijui sana, lakini kazi ya kutafuta chanzo cha picha naifanya kila wiki. Niongeze la vitendo.

Kwanza, mwombe mteja akutumie upya kama faili, asitume kama picha. WhatsApp ikibana picha inafuta mistari myembamba, na saini ndogo ya mchoraji kwenye kona huwa ya kwanza kupotea. Kisha angalia kingo. Picha ya shabiki iliyoibwa mara nyingi imekatwa upande mmoja karibu mno, kiwiko au ncha ya nywele imeliwa, kwa sababu hapo ndipo saini ilipokuwa. Kuza pia mandhari. Ukiona doa laini sehemu ambayo kwingine kuna chembechembe za karatasi, kuna kitu kimefutwa.

Pili, tafuta kwa picha. Google Lens inakupa zinazofanana, na hilo ni tatizo kwa mhusika maarufu, kwani itakuletea Goku elfu. TinEye ni kali zaidi maana inatafuta picha ile ile. Panga matokeo kwa `Oldest`. Ila ujue tarehe unayoiona hapo ni siku TinEye yenyewe ilipoikuta hiyo picha mtandaoni. Picha ya 1999 inaweza kuonyeshwa kama ya 2009. Inakupa ukomo wa upande mmoja tu: haiwezi kuwa mpya kuliko hapo. Kama mteja anasema imetoka mwaka jana na TinEye inaionyesha mwaka 2009, mjadala umekwisha.

Tatu, kama unashuku picha imechorwa upya juu ya nyingine, fungua ibisPaint au programu yoyote yenye matabaka. Weka picha rasmi chini, yako juu, ongeza uwazi wa ya juu hadi nusu, kisha ivute mpaka macho yaoane. Kisha ondoa uwazi huo wote, ujaribu pia hali ya `Difference`: palipo sawa panakuwa peusi. Ukiona taya, shingo, kifua na mikono vyote vimekuwa vyeusi na nywele peke yake zinang'aa, basi nywele ndizo zilizochorwa upya. Usisahau kuigeuza kushoto-kulia na kujaribu tena, maana wezi wa picha wanapenda sana kugeuza.

SetteiMkongwe
Dada, hilo la kugeuza ni dhahabu. Kwa Goku wa vazi la rangi ya chungwa kuna ushahidi kifuani: ile herufi ya Kijapani ndani ya duara. Husomi Kijapani? Huna haja. Iweke karibu na jalada la kitabu uilinganishe mkwaju kwa mkwaju. Ikiwa imepinduka kama kwenye kioo, picha imegeuzwa. Kwa Super Saiyan 4 hilo halifanyi kazi, kwa sababu kifua chake kiko wazi.

Kadogo Lubum
Jambo bandugu. Miye niko Lubumbashi. Hapo kwa kugeuza muangalie sana. Vitabu vya kwanza tulivyokuwa navyo huku ni vya Kifaransa, vya Glénat, toleo la zamani. Walizigeuza kurasa zote zisomwe kutoka kushoto kama kitabu cha Kifaransa. Ni vya ruhusa, vilinunuliwa dukani, lakini kila kitu kimepinduka, mwenye kupiga ngumi ya kuume anapiga ya kushoto. Toleo la baadaye ndilo lilirudisha upande wa Kijapani. Basi mutu akiwa na hicho kitabu cha zamani, utamwambia ni feki?

SetteiMkongwe
Umenikumbusha jambo zuri, aksanti. Ndiyo, picha iliyopinduka inakwambia imegeuzwa, haikwambii imegeuzwa na nani. Kwa ukuta ningesema: hata kama toleo ni halali, chora ule upande aliouchora Toriyama.

Mzigo Umefika
Na mimi nina swali la aina hiyo. Nilinunua sanamu ya Vegeta wa Super Saiyan 3 kwa muuzaji wa mtandaoni, nywele za dhahabu mpaka kiunoni. Rafiki yangu akasema Vegeta hajawahi kufika Super Saiyan 3, kwa hiyo nimeuziwa kitu cha kubuni. Boksi lina maandishi ya hakimiliki lakini halina stika inayong'aa. Nimepigwa?

SetteiMkongwe
Kuna maswali mawili hapo, usiyachanganye. La umbo: rafiki yako yuko sawa kwamba Vegeta hafiki Super Saiyan 3 katika manga. Lakini umbo hilo lipo kwenye michezo yenye leseni. Dragon Ball Heroes, mchezo wa kadi ulioanza 2010, umejaa maumbo ambayo hayamo katika hadithi kuu. Kwa hiyo ni mchoro rasmi wa jambo lisilotokea kwenye hadithi. Mashabiki wengi wanagombana hapa kwa sababu mmoja anauliza "nani kalitoa?" na mwingine anajibu "halikutokea".

La bidhaa: zile za Toei zinazouzwa Japani huwa na stika inayong'aa yenye kichwa cha paka, yule Pero, nembo ya Toei. Zinazotengenezwa kwa masoko mengine zinaweza zisiwe nayo, na wenye kughushi wanaighushi pia. Boksi peke yake silihukumu. Angalia rangi kwenye mpaka wa nywele na paji la uso, na mstari wa kiungo cha plastiki. Rangi ikimwagika nje ya mpaka, anza kuwa na mashaka.

Na nimalizie hoja ya Dogo kuhusu alama ya hakimiliki. Mstari unaotakiwa kwa kazi za anime unataja Bird Studio, Shueisha na Toei Animation. Bird Studio ni studio ya Toriyama, Shueisha ni wachapishaji, Toei ni wenye anime. Ukiona "© Dragon Ball" tupu, au "© Goku 2024", hilo halimtaji mmiliki yeyote. Lakini mstari ukiwepo kamili bado mtu yeyote anaweza kuuandika kwa dakika moja, na ukikosekana si kosa, maana picha iliyonaswa kutoka kwenye sehemu ya anime haina mstari wowote katikati ya skrini.

Dogo_Kamehameha
Haya na hii mnasemaje? Nimeipata kwenye kundi la Telegram. Ni karatasi ya settei ya Super Saiyan 5 kutoka Toei, ina maandishi ya Kijapani pembeni. Wenyewe walikuwa wanaiandaa wakaificha.

SetteiMkongwe
Nimeifungua. Kwa wasioijua, settei ni karatasi ya kazi inayogawiwa wachora katuni wote ili Goku wa Jumatatu afanane na wa Ijumaa. Kazi hiyo ndiyo inayoamua sura yake. Lazima iwe na mistari michache na safi, kwa sababu watu wengi wataichora tena na tena kwa haraka. Lazima ionyeshe mbele, ubavu na mgongo, kichwa kikikaa peke yake kikiwa kimekasirika, kikicheka, kimepiga kelele. Kivuli huwa kimewekewa mpaka wa mstari tu, ili mwenye rangi ajue kinaanzia wapi. Mara nyingi kuna nyingine ya urefu, Goku amesimama na wenzake kwenye mistari ya vipimo.

Sasa itazame yako. Upande mmoja tu, ameinama tayari kupigana, miale ya umeme kila mahali, misuli imejazwa kivuli cha penseli mpaka kwenye kucha. Mgongo uko wapi? Mkia unatokea wapi kiunoni? Mchora katuni akipewa hiyo hawezi kumgeuza. Hilo ni bango lililovalishwa nguo za settei. Na hayo maandishi ya Kijapani yananukuu jina la GT, mfululizo uliokwisha 1997.

Dogo_Kamehameha
Inaweza kuwa rasimu ya mwanzo.

SetteiMkongwe
Inaweza kuwa chochote. Ndiyo maana nauliza imetoka kitabu gani, ukurasa gani.

Binti wa Forodhani
Nimejaribu kuitafuta hiyo. Wikia moja inaionyesha, lakini someni anwani: `dragonballfanon.fandom.com`. Hiyo ni ya hadithi za kubuni za mashabiki wenyewe. Ile inayoorodhesha kazi zilizotoka ni `dragonball.fandom.com`. Kurasa zinafanana kwa muundo, na kwenye simu anwani inafichika, ndiyo maana watu wanaleta picha za kule wakidhani ni za huku.

MchoraKuta
Aisee nimepata shule. Ya kwanza naitoa. Ya pili inabaki. Imebaki ya tatu, ya Yamcha. Mimi kwa macho yangu ni mchoro wa Toriyama mwenyewe, wino ule ule. Ila Yamcha anaonekana mbabe mno, nikadhani ni dhihaka ya mashabiki, maana kila mahali anachekwa kwa kile kifo chake cha kwenye shimo.

SetteiMkongwe
Hiyo ndiyo ngumu kuliko zote, na nafurahi umeiona mwenyewe. Ipo manga ya dhihaka ambayo ni rasmi: kijana anakufa na kuzaliwa upya akiwa Yamcha, na kwa sababu anaijua hadithi yote anajitahidi asife vile. Ilichorwa na Dragongarow Lee, ikatoka kwenye Shonen Jump+ kuanzia 2016. Anaiga mkono wa Toriyama kwa ukaribu wa kutisha, unene wa mstari, umbo la macho, hata mawe yanayoruka. Kwa hiyo mchoro unaweza kuwa dhihaka, usiwe wa Toriyama, na bado uwe rasmi. Toriyama mwenyewe alikuwa akijidhihaki. Neko Majin yake ina paka anayemwiga Goku.

Tatizo ni kwamba mashabiki nao wanamchora Yamcha mbabe kwa mkono huo huo, na picha yako imekatwa. Viputo vya maneno vimefutwa au havikuwepo?

MchoraKuta
Kuna nafasi nyeupe juu kushoto, kama kiputo kilifutwa. Na chini kuna nusu ya fremu nyingine.

Binti wa Forodhani
Nusu ya fremu ni dalili nzuri kwamba ni ukurasa wa kitabu, lakini dojinshi nazo zina fremu. TinEye haileti kitu kwangu, huenda kwa sababu imekatwa sana.

SetteiMkongwe
Mimi nimepitia nakala yangu haraka haraka jana usiku, sijaiona hiyo fremu. Sisemi haimo, maana kukata na kufuta kunabadilisha sura. Kwa mkono ningesema ni Lee. Kwa ushahidi sisemi kitu.

Wa_Pipeline
Kwani mbona usimchore Yamcha wa Z tu? Nguo ya chungwa, makovu usoni, maliza kazi.

Kadogo Lubum
Makovu mawili tu: moja la msalaba kwa shavu, lingine kwa jicho la pili. Na hapo ndipo utajua kama picha imegeuzwa, yasibadilishane upande.

SetteiMkongwe
Kadogo kamaliza. Makovu yale ni kama herufi ya kifuani. Fundi, fungua picha yako ulinganishe na jalada.

MchoraKuta
Nimelinganisha na picha ya tovuti yao, `dragon-ball-official.com`. Makovu yako upande sahihi, kwa hiyo haijageuzwa. Nimemweleza mteja yote. Nyeupe kaikubali itoke kwa shingo upande, anasema vijana wa mtaani kwake wote wanaijua na watauliza iko wapi. Ya Yamcha kasema nisubiri, ana binamu yake anazo manga nyingi, atamuuliza ukurasa.

Mama Ilham
Na ofisi ya hakimiliki umeenda?

MchoraKuta
Jumatatu, dada.

Dogo_Kamehameha
Mkuu, ukuta wa nyuma ambao wateja hawauoni, weka hiyo nyeupe. Andika AF chini.